Mfuko Umejaa, Jicho Bado

Mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa, na kila mtu katika chumba cha dharura alikuwa ameridhika isipokuwa mimi. Nesi aliutazama kama mtu anayetazama sufuria ya wali ulioiva vizuri. Daktari Lasiksi alikuwa amekunja mikono kifuani na miwani yake imepanda kwenye paji la uso, kama afanyavyo akiona kazi imekwisha. Mimi nilikuwa nimemwinamia mgonjwa, nimeinyanyua kope ya jicho la kushoto kwa kidole gumba, ninamulika tochi. Mboni ilikaa vilevile, kubwa, haina habari na mwanga.

"Karibu lita nzima imetoka," alisema Daktari Lasiksi. "Uvimbe wa kichwani utapungua tu."

"Mkojo umetoka," nikasema. "Jicho je?"

"Lipe muda, binti."

Muda ndicho kitu tulichokuwa hatuna, na huyu mzee alikuwa anaugawa kama peremende.

Jina lake la kweli hakuna aliyelitumia pale hospitalini, hata mkewe alipopiga simu mapokezi aliuliza kama Lasiksi ametoka. Kwa miaka yote aliyotibu mioyo, dawa yake ilikuwa hiyo lasiksi, sindano ya kukojosha maji yaliyozidi mwilini. Miguu imevimba, lasiksi. Kifua kimejaa maji, lasiksi. Na mara nyingi alikuwa sahihi, hilo siwezi kumnyima. Nimemwona akimrudisha mtu aliyekuwa anazama kitandani kwake mwenyewe, kwa sindano moja, na mtu huyo akaomba chai kabla ya jioni. Tabu ni kwamba mtu aliyefanikiwa sana na nyundo huacha kuuliza kama kilicho mbele yake ni msumari.

Mgonjwa alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya ngazi anamalizia jina la duka la viatu, ngazi ikateleza, akaangukia upande wa kushoto wa kichwa. Aliamka, akajipangusa, akacheka na wenye duka, akakaa kivulini. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, kisha usingizi ukamchukua, na hakuna aliyeweza kumwamsha. Dada yake mkubwa ndiye aliyemleta. Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, kwa sababu alitoka kibandani kwake mbio bila hata kuivua. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Aliponiambia hivyo aliongeza kwamba kijana hajawahi kuumwa hata jino, kana kwamba nilikuwa na mamlaka ya kulihesabu hilo.

Picha ya kichwa ilikuwa wazi. Damu ilikuwa imejikusanya upande wa kushoto, kati ya mfupa wa fuvu na utando wa ubongo, nayo ilikuwa inausukuma ubongo uende upande wa pili. Fuvu halitanuki. Kikiongezeka kitu ndani, kingine lazima kibanwe, na ubongo ukizidi kubanwa hutafuta pa kutokea kule chini, kwenye tundu linaloelekea shingoni. Kule ndiko unakokaa mtambo wa kupumua. Jicho la kushoto kupanuka mboni ni alama kwamba safari hiyo imeanza.

Dawa yake ni kuitoa damu. Lakini daktari wa upasuaji alikuwa theata, mikono yake imo ndani ya tumbo la mtu ambaye utumbo wake ulikuwa umetoboka, na theata tuliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo moja. Nilikwenda mlangoni, nikampigia kelele kupitia upenyo. Akajibu bila kugeuka kwamba anamaliza na kushona, nimshikie mgonjwa huyo hai kwa saa moja. Nikarudi mbio nikiwa na jibu kichwani: manitoli, dripu ya kuyavuta maji ya ubongo. Na nikakuta Daktari Lasiksi, kiongozi wa zamu, ameshampiga sindano ya lasiksi.

"Presha yake ilikuwa juu sana alipoingia," aliniambia sasa. "Tazama. Imeshuka. Unalalamika nini?"

"Ndicho hicho ninacholalamikia, Daktari. Ile presha ilikuwa inaisukuma damu iingie kichwani kwa nguvu, kwa sababu ubongo umebanwa. Wewe umeishusha, na ubongo bado umebanwa. Sasa damu itafikaje?"

"Nimemtoa maji."

"Umetoa maji ya mishipani. Ya ubongo yako palepale."

Nesi akaanza kupanga pamba ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Binti," alisema Daktari Lasiksi, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto ale uji, "lasiksi na manitoli zote ni dawa za kukojoa."

"Feni na jokofu vyote vina mota. Hakuna anayeweka nyama kwenye feni."

Sikupaswa kusema hivyo mbele ya nesi, najua. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina mdomo wake. Nikamweleza, haraka, jambo ambalo alilijua tangu shuleni na ambalo mazoea yalikuwa yamelifunika. Lasiksi inakwenda kwenye figo na kuizuia isiirudishe chumvi mwilini. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Ni nzuri kwa mwili uliojaa maji kila mahali. Manitoli ni jamii ya sukari. Ukiimwaga kwenye mshipa, haiwezi kupenya na kuingia ndani ya ubongo wenyewe, inabaki kwenye damu, na kwa sababu iko nyingi inayavuta maji kutoka kwenye ubongo kama sukari inavyoyavuta maji kutoka kwenye vipande vya nanasi. Ubongo unanywea kidogo. Baadaye figo huichuja na haiwezi kuirudisha, kwa hiyo inatoka na maji yake. Kukojoa ni mlango wa kutokea tu. Kazi yenyewe imeshafanyika juu.

"Na yule mwalimu?" akauliza.

Nilijua atafika hapo. Mwezi uliopita mwalimu mstaafu aliletwa na kiharusi, kichwa kimevimba, na mwenzangu wa zamu akampa manitoli. Lakini mwalimu alikuwa na moyo dhaifu, umetanuka kama mfuko mkuukuu. Manitoli ilipoyavuta maji yote yale na kuyaingiza kwenye mishipa kabla ya figo kuyatoa, moyo ulishindwa kuusukuma mzigo, na maji yakarudi kifuani. Daktari Lasiksi ndiye aliyekaa naye akipigania uhai wake kwa kila alichokuwa nacho, na ndiye aliyemfumba macho. Kesho yake aliagiza chupa zote za manitoli ziondolewe kwenye kabati letu la dharura zikakae famasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Kwa mwalimu ulikuwa sahihi," nilimwambia, na nilimaanisha. "Yule alihitaji lasiksi. Huyu moyo wake ni wa mtu anayeshinda juu ya ngazi. Usimtibu huyu ugonjwa wa yule."

Akashusha miwani, akalitazama lile jicho mwenyewe, akamulika, akamulika tena.

"Ukimzamisha," akasema, "utajibu wewe."

"Nitajibu."

Nilimwambia nesi aninyanyulie kichwa cha kitanda, akiweke kichwa cha mgonjwa katikati kisipinde shingo, na afungue dripu ya maji ya chumvi kurudisha kile lasiksi ilichokichukua. Nikamsikia Daktari Lasiksi akiguna nyuma yangu: tunamtoa maji, tunamtia maji. Nilikuwa nimeshafika koridoni.

Mfamasia alikuwa jirani yangu zamani, tulikua mtaa mmoja, kwa hiyo hatukuwa na haja ya salamu ndefu.

"Manitoli," nikasema.

"Zimeharibika."

"Zote?"

Akalivuta boksi kutoka sakafuni, mahali ambapo kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja, kwa sababu rafu zote zilikuwa zimejaa. Akanyanyua chupa juu ya taa. Ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe, virefu, vikali, kama vioo vilivyovunjika. Chupa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa imeganda karibu nusu.

"Nilikuwa nangoja kuzirudisha bohari," alisema. "Siwezi kukupa dawa yenye vitu ndani. Wewe mwenyewe ungenishtaki."

"Hivyo vitu ndiyo dawa, kaka. Ni baridi tu. Ilikuwa nyingi kwenye maji, maji yakapoa, ikashindwa kukaa ndani. Ukiipasha inayeyuka."

"Hilo nimewahi kulisoma." Alikuna shingo. "Lakini mzee alisema zisitoke, nami nikaona vioo, nikaona afadhali. Hakuna aliyeziulizia mwezi mzima."

"Birika lako liko wapi?"

Birika lilikuwepo, la chai yao, lenye kutu mdomoni, na lilikuwa tupu. Tukalijaza. Likakaa. Sijapata kuona birika linalochemka polepole kama lile, na niliambiwa mara mbili nisilifungue kifuniko kwa sababu nalipoza. Maji yalipokuwa moto sana tukayamimina kwenye beseni, tukazamisha chupa mbili, mfamasia akaishika moja na kitambaa, mimi nyingine, tukawa tunazitikisa. Vioo vilipungua, vikawa sindano, vikawa ukungu. Pale pembeni ya chupa yangu kilibaki kipande kimoja kidogo kilichokataa. Nilikitikisa mpaka bega likauma. Siwezi kuingiza kipande hata kimoja kwenye mshipa wa mtu, na siwezi kungoja. Nilikuwa nakisemesha kwa maneno ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Kiliyeyuka. Tukazipoza chupa bombani mpaka zikawa na joto la mwili tu, mfamasia akanipa seti ya dripu yenye chujio bila kuombwa, nikakimbia.

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha dharura. Alinishika mkono wa koti.

"Hiyo itamwamsha?"

"Ikifanya kazi, ataamka," nikasema, na nikapita.

Ni maneno matatu tu. Yangenirudia kabla ya alasiri kwisha.

Nilipima dozi kwa uzito wake, nikaiacha iingie haraka, nikabaki nimesimama na tochi mkononi. Daktari Lasiksi alisimama upande wa pili, ameweka vifaa vyake vya kusikilizia kifuani mwa kijana, mbele, nyuma, tena mbele, anatafuta maji. Hayakuwepo. Moyo ule uliubeba mzigo kama unabeba kofia. Chupa ya kwanza ilikwisha, ya pili ikawa imefika kwenye mstari niliouweka alama, na nikaifunga.

Jicho halikubadilika mara moja. Kisha nilipomulika, mboni ilijikunja kidogo, kwa uvivu. Nikazima, nikawasha. Ikajikunja zaidi. Baada ya muda macho yote mawili yalikuwa sawasawa, na mfuko mpya wa mkojo ulianza kujaa, nami nikaufurahia safari hii kwa sababu nilijua maji yake yametoka wapi. Kijana alikunja uso. Akafumbua macho.

"Ngazi iko wapi?" akauliza.

Dada yake alipiga magoti palepale sakafuni. Kijana alinyoosha mkono wa kulia, akaishika ile futi iliyoning'inia shingoni mwa dada yake, akaivuta kama anavyovuta mtoto. "Dada, umetoka na futi," akamwambia. Nesi alicheka huku anafuta machozi. Hata Daktari Lasiksi alitabasamu, na akanipigapiga begani.

Daktari wa upasuaji alifika bado amevaa kofia ya theata, uchovu umemchora mistari usoni. Alitazama picha ya kichwa, akamtazama mgonjwa, akasema theata inasafishwa, waandae mgonjwa. Akamgeukia dada mtu kumweleza: watafungua kidirisha kwenye mfupa, watatoa damu, watafunga mshipa uliopasuka.

"Kumtoboa kichwa?" Dada mtu alisimama. "Mtu ameamka?"

"Ameamka kwa muda, mama," nikasema. "Dawa imepunguza maji ya ubongo, ukapata nafasi. Lakini damu iko palepale. Dawa haiitoi damu. Dawa ikiisha nguvu, ubongo utabanwa tena."

"Si mtampa tena?"

"Tunaweza kumpa tena, lakini kila mara inasaidia kidogo kuliko mara ya kwanza, na tukizidisha inaweza kuharibu figo. Tulikuwa tunatafuta muda wa kufika theata tu. Theata ndiyo hii sasa."

"Mwanangu," alisema, na hakuwa mkali, ndiyo maana ilikuwa ngumu, "nilikuuliza wewe mwenyewe pale mlangoni. Ukaniambia ikifanya kazi, ataamka. Ameamka. Amenitania hata futi yangu. Sasa unaniambia nimpeleke mtu anayenitania akakatwe fuvu?"

Nikaona kwamba kila nilichokuwa nacho kilikuwa kinanipinga. Ningekuwa nimeshindwa, angetia sahihi ya upasuaji palepale. Kwa kuwa nilifanikiwa, hakuona sababu.

Na hapo ndipo Daktari Lasiksi, aliyekuwa anaandika kwenye meza ya pembeni, aliposema kwa nia njema kabisa: "Haraka haraka haina baraka. Ameamka, macho yako sawa, anazungumza. Tunaweza kumwangalia. Lasiksi ndogo kila baada ya muda imsaidie kuendelea kutoa maji."

Dada mtu alimgeukia kama mtu aliyeona mlango wazi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Daktari," nikasema. Meno yalikuwa yamenikaza. "Na hapa siyo tumbo."

"Usinijibu hivyo mbele ya wagonjwa."

"Nikujibu vipi? Umeona picha. Damu ile inaondoka na mkojo?"

Hakuyafuta maneno yake, na maneno ya mzee mwenye mvi katika koti jeupe yana uzito ambao yangu hayana. Daktari wa upasuaji alijaribu pia, kwa sauti ya chini, kwa mifano, akachora hata kwenye karatasi. Kisha akafanya kilichobaki: akamwinamia kijana mwenyewe, akamweleza yote, akamuuliza yeye anasemaje. Kichwa ni chake. Nilishukuru moyoni, nikasema huyu sasa amefikiri vizuri.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na akili zake zote, alijua siku, alijua jina la duka la viatu na herufi aliyokuwa ameifikia. Akamtazama dada yake.

"Dada akisema," akajibu.

"Nakuuliza wewe," nikasema.

"Dokta, mimi sijawahi kukata hata suruali bila yeye kunipima." Akafumba macho, mwanga ulikuwa unamuumiza. "Dada akisema sawa, sawa."

Nilitamani kuvunja kitu. Dada akasema tungoje kidogo, mpaka shemeji yake mkubwa afike wazungumze. Daktari wa upasuaji akaniambia yuko chumba cha pili, dada mtu akikubali nimwite, theata ataishikilia asiingize mtu mwingine.

Basi nikabaki na saa nzuri niliyoipigania, inamwagika sakafuni. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mwishowe nikampa dada mtu tochi yangu.

"Mama, wewe unashona," nikamwambia. "Jicho lako linaona sindano ikipinda kidogo. Tazama hapa." Nikamwonyesha mboni mbili, jinsi mwanga unavyozifanya zijikunje. "Zinalingana?"

Alitazama kwa makini ya mtu anayelinganisha mikono miwili ya shati. "Zinalingana."

"Uwe unazitazama kila mara. Hii ya kushoto ikizidi hii nyingine, hata kwa unene wa uzi, usimngoje shemeji. Niite."

Alifanya hivyo bila kuchoka. Alimulika, akasubiri, akamulika. Katikati ya kumulika, yeye na ndugu yake walizungumza mambo ya nyumbani, deni la mbao, mtoto wa nani ameota meno. Niliwasikia kutoka meza ya pili ambako nilikuwa namfunga mtu kidonda. Sauti ya kijana ilikuwa inaanza kuwa nzito. Nilikwenda mara ya kwanza, nikamuuliza dada mtu, akanionyesha kwamba macho yako sawa, na yalikuwa sawa. Nikamwambia kuhusu sauti. Akasema amechoka tu, amefanya kazi tangu alfajiri. Nilirudi mara ya pili nikambembeleza, mara ya tatu nikamkaripia, na kukaripia hakukusaidia kitu, kulimfanya akaze tu mkono kwenye tochi.

Kisha niliusikia mguno, si wa kijana, wa dada.

"Dokta," aliita, polepole, kana kwamba akiita kwa sauti kubwa itakuwa kweli. "Hazilingani."

Nilipofika, ile ya kushoto ilikuwa imeanza kufunguka, na tulipoitazama pamoja ilizidi. Nikamwita kijana, hakuitika. Nikamfinya mkono wa kulia, haukujivuta. Wa kushoto ulijivuta.

"Mpelekeni," alisema dada mtu. "Mpelekeni, mpelekeni, nimesema."

Chupa ya tatu ya manitoli ilikuwa tayari, mfamasia alikwisha kuipasha bila kuagizwa, nikaifungua huku kitanda kikisukumwa. Daktari Lasiksi ndiye aliyekuwa anasukuma upande wa miguu. Mzee mzima, miwani imemtoka, anasukuma kitanda koridoni na kuwapigia watu kelele wapishe. Mlangoni mwa theata daktari wa upasuaji aliagiza lasiksi kidogo juu ya manitoli, ili mkojo uzidi na damu ibaki na nguvu ya kuyavuta maji kwa muda zaidi, na Daktari Lasiksi akanitazama. Sikubisha, kwa sababu agizo lile lilikuwa sahihi.

Damu ilitolewa. Mshipa ulifungwa. Kijana hakufa, na hospitalini kwetu hilo huitwa ushindi.

Baada ya siku kadhaa Daktari Lasiksi alileta boksi la manitoli mwenyewe kwenye kabati la dharura, kwenye rafu ya katikati, mbali na kiyoyozi. Aliniambia, akiwa ameshika mlango wa kabati, kwamba siku ile pale mezani alipaswa kunyamaza. Nilitegemea kwamba nikilisikia hilo ningefurahi. Nilimwambia tu kwamba pale panafaa, pana joto la kutosha.

Nilipopanda wodini jioni, kijana alikuwa ameketishwa, mito pande zote. Kichwa kimefungwa kitambaa. Maneno yalikuwa yanamjia kwa shida, moja moja, mengine yanakwama njiani, na yalipokwama alipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kwenye shuka, kiganja juu. Dada yake alikuwa amekaa karibu nao, anaukanda kwa mafuta kama alivyofundishwa na watu wa mazoezi.

"Mkono utarudi?" aliniuliza, bila kunitazama.

"Wengine hurudi kidogo. Mazoezi yanasaidia. Inachukua miezi."

"Kidogo kiasi cha kushika brashi?"

"Sijui, mama." Hilo lilikuwa kweli.

Alikanda kidole gumba, akahamia cha pili.

"Mara ile ya kwanza alipoamka," akasema, "alinivuta futi kwa mkono huu huu. Uliona."

"Niliona."

"Tungekubali palepale, wakati ule mpasuaji amesimama pale na kofia yake. Mkono ungekuwepo?"

Siku ile nilikuwa nimemfokea kila mtu aliyesimama mbele yangu, mzee, mfamasia, hata birika, hata yeye mwenyewe. Sasa nilikuwa nimeulizwa jambo ninalolijua, na mtu aliyeniuliza alikuwa anangoja kwa utulivu.

"Hakuna anayeweza kujua, mama," nikamwambia.

Alinitazama kwa yale macho yake ya kupimia.

"Wewe unajua," akasema, bila hasira. Kisha akarudi kwenye mkono, akavikunja vile vidole kimoja kimoja, akavizungusha kwenye vyake, na akamwambia ndugu yake ashike.